Kabati la Stoo na Insha Iliyopotea

*"Nafundisha darasa la tano katika shule ya kijijini yenye kompyuta tatu. Watoto wanajua kufungua folda moja, lakini nikisema folda iliyo ndani ya folda iliyo ndani ya folda nyingine, wanapotea. Kila wiki kuna anayelia kwamba kompyuta imekula kazi yake. Niwaelezeje?"*

Mwalimu, nitakujibu kwa kisa, kwa sababu njia bora niliyowahi kuiona haikutoka kwangu mimi fundi. Niliiona kwa mwalimu mwenzako mmoja, naye wa kijijini. Nilikuwa nimeitwa kukagua kompyuta zao zilizokuwa zikizimika ovyo. Kazi ikaisha mapema, usafiri haujafika, nikakaa kwenye benchi la nyuma. Hivyo ndivyo nilivyolishuhudia somo lenyewe tangu mwanzo.

Lilianza na malalamiko yaleyale unayoyasikia wewe. Binti mmoja alikuwa ameandika insha wiki iliyotangulia, akaihifadhi vizuri, akazima mashine. Siku hiyo amewasha, insha haionekani. "Mwalimu, imeliwa." Mwalimu akainama, akaangalia skrini, akaona eneo-kazi likiwa tupu. Hakugusa kipanya. Akamuuliza, "Uliiweka wapi?" Binti akaonyesha skrini kwa kidole: "Humu."

Jibu hilo ndilo ugonjwa wenyewe, na nakuomba uliangalie vizuri kabla hatujaendelea. Mtoto anadhani skrini ni mahali. Kinachoonekana kipo, kisichoonekana kimeliwa. Mwalimu huyu alikuwa amekwisha kuwafundisha kwamba folda ni kama begi, na mfano huo haukuwa umemsaidia mtu, kwa sababu begi linamfundisha mtoto kufikiria kilichomo ndani tu. Halimfundishi kuuliza begi lenyewe liko wapi. Tena nani ana begi ndani ya begi ndani ya begi?

Basi akawaambia wazime skrini zote tatu. Akasimama mlangoni, akasema, "Nileteeni chaki nyekundu."

Mvulana wa mbele akainuka mbio. Akafika mlangoni, akasita. "Iko wapi, mwalimu?"

"Kabatini."

"Kabati lipi?"

Shule ile ilikuwa na makabati manne: mawili ofisini, moja stoo, moja darasa la saba. Mwalimu akanyamaza. Mvulana akajaribu mwenyewe: "La ofisini?" Mwalimu akaitikia kwa kichwa. "La kushoto au la kulia?" La kushoto. "Lina droo tatu, mwalimu." Ya pili. Mvulana akaenda, akarudi na boksi zima la chaki, ndani yake mna nyeupe, za bluu na nyekundu tatu. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka, akageukia ubao, akaandika kila swali ambalo mtoto amelazimika kuuliza, moja baada ya jingine, akiweka mkwaju katikati:

```
Shule/Ofisi/KabatiKushoto/Droo2/BoksiChaki/nyekundu
```

"Hii," akasema, "ndiyo anwani ya chaki. Kila mkwaju ni kitu unachokifungua: mlango, kabati, droo, kifuniko. Ukiruka mmoja, hufiki."

Hakuwa ametamka neno folda hata mara moja, na naamini alifanya kusudi. Neno lilikuja baadaye sana, watoto wakiwa wameshatembea kwa miguu yao kutoka uani mpaka ndani ya droo.

Kilichofuata kilichukua nusu nzima ya kipindi, nami nisingepunguza hata dakika. Aliwagawa wawili wawili. Mmoja anakwenda kuficha kitu kidogo, kifutio au kipande cha kamba, popote shuleni, lakini lazima kiwe ndani ya kitu kilicho ndani ya kitu kingine. Kisha anaandika anwani kwenye kikaratasi, na mwenzake anakwenda kukichukua bila kuruhusiwa kuuliza swali lolote. Wa kwanza kurudi mikono mitupu alikuwa msichana mrefu, amekasirika. Kikaratasi chake kilisema `Ofisi/Droo2/kifutio`. Amefungua droo ya pili, hakuna kifutio.

"Umefungua droo ya pili ya kabati lipi?"

"La kulia."

Mwenzake akapiga kelele: "Nilimaanisha la kushoto!"

Hapo mwalimu akawasimamisha wote. Droo mbili zina jina moja, Droo2, na hazigombani, kwa kuwa kila moja iko katika kabati lake. Lakini kabati moja haliwezi kuwa na Droo2 mbili, maana ukimwambia mtu "fungua Droo2" hatajua afungue ipi. Kwenye kompyuta ni hivyohivyo: mnaweza kuwa na faili liitwalo `insha` katika folda ya kila mwanafunzi, lakini hamwezi kuwa na mawili ya jina hilohilo na aina hiyohiyo katika folda moja. Ukijaribu, mashine itakuuliza kama unataka kufuta la zamani na kuweka jipya, na mtoto anayebonyeza tu bila kusoma ndiye anayefuta kazi ya mwenzake. Hicho ndicho "kuliwa" halisi.

(Usione aibu kama hili linawatatiza watoto wako, kwani liliwahi kuwatatiza hata waliotengeneza kompyuta. MS-DOS ya kwanza, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, ya mwaka 1981, haikuwa na folda ndani ya folda kabisa. Zilikuja na toleo la 2.0 mwaka 1983. Kompyuta ya Macintosh ya 1984 ilionyesha folda nzuri kwenye skrini, lakini kwa ndani diski ilikuwa na orodha moja ndefu ya mafaili, na mafaili mawili hayakuweza kuwa na jina moja hata yakikaa katika folda tofauti. Folda za kweli zilifika mwaka uliofuata.)

Mvulana mmoja mdogo akauliza swali ambalo mimi ningelipitia haraka, lakini mwalimu alilishika. Alikuwa ameagizwa kitu naye tayari yuko ofisini. "Mwalimu, mimi niko humu. Lazima nirudi uani nianze na Shule?" Hapana, akaambiwa, ukiwa ofisini, `KabatiKushoto/Droo2` inatosha. Lakini ukimpa kikaratasi hicho mtu aliyesimama stoo, atatafuta kabati la kushoto mle stoo na hataliona. Kwa hiyo ziko anwani za aina mbili, ile inayoanzia getini na ile inayoanzia pale uliposimama, na ya pili haina maana bila kujua umesimama wapi. Mtoto akauliza tena, "Na nikitaka kutoka?" Mwalimu akamwonyesha mlango. Mlango kila chumba kinao mmoja wa kutokea, na unakupeleka kwenye kile kilichokizunguka. Kwenye kompyuta mlango huo huandikwa kwa nukta mbili, `..`, na katika Windows unaupata kwa kubonyeza `Alt` pamoja na mshale wa juu. Nilimwona yule mdogo akiandika nukta mbili kiganjani mwake kwa kalamu.

Kisha likaja jambo la kabati la stoo.

Lilikuwa kabati dogo la mbao, na ndani yake mlikuwa na ramani zilizokunjwa, mipira miwili na kengele ya zamani. Mwalimu akawaita wavulana wanne na wasichana wanne walibebe, na vitu vikiwa ndani, mpaka darasa la tano. Wakalibeba. Mipira ikagongana humo ndani njia nzima. Walipolitua, akauliza: "Vitu vilivyomo vimebadilika?" Havijabadilika. "Vimebadilishana nafasi? Kengele imetoka rafu ya chini?" Hapana. "Kuna aliyebeba kengele?" Wakafikiri. Hakuna aliyebeba kengele. Wamebeba kabati, na kengele imekuja yenyewe.

"Anwani ya kengele?"

Kimya. Mmoja akaanza, "Shule, Stoo, ..." akajikatiza. Kengele haijaguswa na mtu, lakini anwani yake yote imebadilika kuanzia katikati. Mwalimu akatoa mfukoni kikaratasi alichokiandika asubuhi, `Shule/Stoo/Kabati/kengele`, akampa mtoto mmoja aende. Mtoto akarudi akisema ameona ukuta, na alama nne za miguu ya kabati vumbini.

Hili ni jambo ambalo nimeshindwa kuwaelewesha watu wazima maofisini. Wanaweka njia ya mkato kwenye eneo-kazi, kisha siku moja wanahamisha folda kubwa iliyoshika kila kitu, na njia ya mkato inawapeleka ukutani. Njia ya mkato ni kikaratasi tu. Ukifuta kikaratasi kabati halidhuriki. Ukilihamisha kabati, kikaratasi hakina habari. Wakati mwingine Windows hujaribu kukutafutia lilikokwenda na hufanikiwa, lakini usiwafundishe watoto kuitegemea bahati hiyo.

Mchokozi hakosi darasani. Kijana mmoja akasema, "Na nikilitia kabati ndani ya droo yake mwenyewe?" Badala ya kumkemea, mwalimu akampa boksi lenye bahasha ndani. "Tia boksi ndani ya bahasha hiyo, na bahasha isitoke ndani ya boksi." Kijana alihangaika kwa umakini kabisa, wenzake wakimshangilia, mpaka akakubali mwenyewe kwamba haiwezekani hata bahasha ingekuwa kubwa kiasi gani: boksi likiingia kwenye bahasha, na bahasha imo ndani ya boksi, basi mlango wa kuingilia hautabaki. Baadaye skrini zilipowashwa alijaribu kuikata folda na kuibandika ndani ya folda yake ya ndani. Windows ikamjibu `The destination folder is a subfolder of the source folder`. Mwalimu akamtafsiria kwa kuinua bahasha tu.

Sasa ndipo wakawasha kompyuta. Kazi ilikuwa moja: jengeni shule. Hatua zake nakuandikia kama alivyozifuata, ili nawe uzitumie. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na `E`, ingia `Documents`, kisha `Ctrl`, `Shift` na `N` kwa pamoja. Folda mpya hutokea na jina lake linasubiri kuandikwa. Mtoto anaandika `Shule`, anaingia ndani yake, na ndani ya hiyo anatengeneza `Ofisi` na `Stoo`. Anaingia `Ofisi`, anatengeneza makabati mawili, na kadhalika. Ubaoni mwalimu alikuwa amechora hivi:

```
Shule
├── Ofisi
│   ├── KabatiKushoto
│   │   ├── Droo1
│   │   └── Droo2
│   └── KabatiKulia
│       └── Droo2
└── Stoo
    └── Kabati
```

Angalia kwamba mchoro huu ulikuja mwisho. Walimu wengi huuanza nao, mtoto anaona matawi na mistari, hajui tawi ni nini. Hawa walikuwa wameshapita kila mstari kwa miguu.

Kosa moja lilijitokeza kwenye mashine zote tatu, na kwako litajitokeza. Mtoto anatengeneza `Ofisi`, anasahau kuingia ndani yake, anatengeneza `KabatiKushoto` palepale. Matokeo yake ofisi na kabati vimesimama bega kwa bega uani. Utalitambua kosa hilo kwa kutazama ule mstari wa anwani ulio juu ya dirisha. Mwalimu alikuwa na desturi nzuri: kabla mtoto hajatengeneza chochote, amwambie amesimama wapi kwa kusoma mstari ule kwa sauti. Ukiubofya kwenye nafasi tupu ya kulia, unageuka na kuonyesha anwani kamili, mfano `C:\Users\darasa5\Documents\Shule\Ofisi`. Windows hutumia mkwaju uliolalia upande wa pili, `\`, lakini maana ni ileile: fungua, kisha fungua. Na dawa ya kosa lenyewe haihitaji kufuta chochote. Unaliburuta kabati na kuliingiza ofisini.

Kuburuta nako kuna mtego wake. Ukiburuta kutoka folda moja kwenda nyingine katika diski ileile, kitu kinahama. Ukiburuta kwenda kwenye flashi, kinanakiliwa, na cha zamani kinabaki. Mtoto mmoja anaweza kuwa na insha mbili bila kujua, akasahihisha moja na kukusanya nyingine. Na akifuta kilicho kwenye flashi, kwa kawaida hakiendi `Recycle Bin`. Kimekwenda moja kwa moja.

Yule binti wa insha alikuwa akijenga shule yake taratibu, ndipo akakumbuka. Akainua mkono. "Mwalimu, mimi sikuandika anwani." Mwalimu akamwendea, wakatafuta pamoja: katika `Documents`, kisanduku cha kutafutia kilicho juu kulia, neno `insha`. Zikaja tatu. Akabofya kila moja kwa kitufe cha kulia, akachagua `Open file location`, na kila mara dirisha likawapeleka chumba kingine. Ya tatu ilikuwa yake. Ilikuwa ndani ya folda ya mwanafunzi aliyeitumia kompyuta ile kabla yake, maana programu ya kuandikia ilimfungulia palepale ilipotumika mwisho, naye akabonyeza kuhifadhi bila kutazama mlango. Haikuliwa. Ilikuwa kwenye droo ya jirani.

Ningeweza kukuachia hapo, lakini kuna mahali ambapo kabati litakuangusha, na watoto wako watapafika haraka kuliko unavyodhani. Palepale nilimsikia mmoja akiuliza, "Folda ikijaa?" Droo ya mbao hujaa. Folda haijai kwa namna hiyo. Kinachojaa ni diski nzima, kama vile stoo, ofisi na madarasa vyote vingekuwa vinagawana nafasi moja. Pia kabati ni kitu cha aina moja na droo ni cha aina nyingine, ilhali folda ya nje na folda ya ndani ni kitu kilekile kabisa, na ya ndani inaweza kuwa na vitu vingi kuliko unavyotarajia droo ivibebe. Mwambie mtoto hivyo waziwazi, asije akadhani folda ya ndani lazima iwe ndogo.

Mwalimu yule aligeuka akanitazama, kana kwamba anasema fundi nawe ufanye kazi. Nikawaomba daftari la stoo, lile ambamo huandikwa kitu na mahali kilipo. Nikawaambia ukweli ni kwamba folda inafanana zaidi na ukurasa wa daftari hili kuliko kabati. Yaliyomo kwenye insha yamelala mahali fulani kwenye diski, pengine vipandevipande, na folda ni orodha ya majina pamoja na maelezo ya kufikia kila kimoja. Folda ndani ya folda ni ukurasa unaosema "angalia ukurasa mwingine". Ndiyo sababu kuhamisha folda yenye video kubwa kutoka chumba hadi chumba katika diski ileile huisha kabla hujapepesa macho: umefuta mstari mmoja daftarini na kuuandika ukurasa mwingine, hakuna aliyebeba video. Kuipeleka kwenye flashi huchukua dakika nyingi, kwa sababu hapo kweli mzigo unabebwa.

Wale waliobeba kabati la stoo walilalamika kwamba nimewachelewesha. Wangejua, wangebadilisha mstari tu.

Kwa darasa la tano mimi ningeanza na kabati, na daftari ningelileta siku mtoto atakapouliza kwa nini kuhamisha ni haraka hivyo. Usitangulize. Na usiwaruhusu kushuka ngazi nyingi kwa mchezo. Darasani pale wawili walishindana wakafika folda kumi na saba, kila moja na jina refu kama sentensi, kisha mashine ikakataa. Programu nyingi za Windows hukwama anwani nzima ikifika herufi 260 hivi, na kabla ya hapo mtoto mwenyewe huwa ameshasahau njia. Ngazi nne au tano zinawatosha: darasa, jina la mwanafunzi, somo, muhula.

Usafiri wangu ulifika wakati kabati bado liko darasa la tano. Nikiwa natoka, mwalimu mkuu alipita akielekea stoo, akatokeza tena akiuliza kengele ya zamani iko wapi. Darasa zima likamjibu kwa pamoja, likianzia na Shule.